Mwandishi anasubiri mlangoni: kutatua njaa ya kufuli la wasomaji na waandishi

"Mwanangu, hii dola yenu imelala?" Simu ya namna hiyo niliipokea saa saba mchana kutoka kwa mama anayebadilisha pesa pale Nyawera, hapa Bukavu. Asubuhi kiwango kilikuwa faranga 2,800 kwa dola moja. Saa tano tulikiandika upya kwenye seva yetu, 2,850, na mtu aliyekiandika aliona ujumbe kwamba ombi lake limepokelewa. Simu ya mama iliendelea kuonyesha 2,800. Kabla hajashtuka alikuwa ameshauza dola 300 kwa kiwango cha zamani, na faranga 15,000 zikampotea. Seva haikuwa imezima. Ilijibu kila aliyeuliza, ila ilimjibu kwa habari za asubuhi.

Tangu siku ile nimeletewa kosa hilohilo na wenzangu wengi wanaotengeneza programu hapa mjini na Goma, kila mmoja akilieleza kwa maneno yake. Nimeyapanga kwa dalili, kwa sababu dalili ndiyo kitu cha kwanza unachokiona. Mifano ni ya C kwenye Linux na kufuli la `pthread_rwlock_t`. Mwishoni nitagusa lugha nyingine na hifadhidata ya SQLite.

Kwanza tuelewane kuhusu kufuli lenyewe. Fikiria ubao wa bei sokoni Kadutu. Watu 20 wanaweza kuusoma kwa wakati mmoja bila kudhuriana. Lakini mwenye chaki akija kubadilisha bei, lazima abaki peke yake mbele ya ubao, la sivyo kuna atakayesoma nusu ya bei mpya na nusu ya bei ya zamani. Kufuli la kusoma huruhusu wengi kwa pamoja, na kufuli la kuandika humruhusu mmoja tu, tena pasipo msomaji yeyote ndani. Swali linalozaa matatizo yote ni hili: mwenye chaki akifika akakuta watu wanasoma, je, wasomaji wapya wanaokuja nyuma yake wapite au wasimame? Courtois, Heymans na Parnas waliliandika swali hilo mwaka 1971 na wakatoa majibu mawili, moja la kumpendelea msomaji na jingine la kumpendelea mwandishi. Kila jibu lina mtu linayeweza kumwacha na njaa, yaani akingoja zamu isiyofika.

Dalili ya 1: Kusoma kunakwenda vizuri, lakini badiliko haliingii

Wateja wanajibiwa, kompyuta haina kazi nzito, kumbukumbu ya matukio haina kosa lolote. Ila uzi, yaani mkondo mmoja wa utendaji ndani ya programu, unaotakiwa kuandika kiwango kipya umesimama. Mara nyingi mtu anakwambia: "Asubuhi inakubali, mchana inakataa, usiku inakubali tena."

Usianze kwa kuiwasha seva upya. Ukiiwasha upya wasomaji wote wanatoka, mwandishi anapita, na ushahidi umekwenda nao. Kwanza hakikisha kwamba mwandishi kweli yuko mlangoni pa kufuli, hajakwama kwenye mtandao au kwenye diski:

```
gdb -p 4127 -batch -ex "thread apply all bt"
```

Namba 4127 ni ya mfano, weka namba ya programu yako. Katika yatakayotoka, tafuta uzi wenye jina lililo na `rwlock_wrlock`. Ukiuona, huyo ndiye mwandishi anayesubiri. Angalia na hii: amri hiyo husimamisha programu nzima kwa muda inapokuwa inasoma. Kwa seva ya pesa, ifanye wakati wateja ni wachache, na uwaarifu wenzako kabla.

Sasa tenganisha njaa na kufuli lililosahauliwa, maana kwa nje vinafanana kabisa. Zuia wateja wapya kwa dakika moja, uwaache walio ndani wamalize. Mwandishi akiingia mara wale wa mwisho walipotoka, ni njaa. Wateja wakiisha wote na yeye bado amesimama, kuna msomaji aliyeondoka bila kufungua. Kwenye glibc, maktaba ya msingi ya C kwenye Linux, kuanzia toleo 2.25 unaweza kuwahesabu walio ndani ukiwa kwenye `gdb`:

```
p kufuli.__data.__readers >> 3
```

Bila mteja hata mmoja, jibu linatakiwa kuwa 0. Likibaki 3, kuna kufuli tatu za kusoma ambazo hazikurudishwa. Karibu kila mara mkosaji ni `return` iliyowekwa katikati ya kazi, yaani function, kwa ajili ya kosa fulani, juu ya mstari wa kufungua. Pitia kila njia ya kutokea katika kazi ile, hasa zile za makosa ambazo hakuna anayezijaribu.

Ikiwa ni njaa, sababu ya kawaida kuliko zote ni msomaji anayekaa na kufuli muda mrefu kuliko anavyolihitaji. Kwetu ilikuwa hivi:

```c
pthread_rwlock_rdlock(&kufuli);
tuma(mteja, &bei);
pthread_rwlock_unlock(&kufuli);
```

Inaonekana safi. Lakini `tuma` inapeleka jibu kwa simu ya mteja kupitia mtandao, na mtandao wetu wa mchana mnaujua. Msomaji alikuwa amesimama mbele ya ubao akiwasomea bei watu walio ng'ambo ya ziwa, neno kwa neno, huku mwenye chaki akimngoja.

Hapa naomba tuende polepole, kwa sababu ndipo penye fumbo la asubuhi na mchana. Tulikuwa na maombi kama 40 kwa sekunde. Asubuhi kutuma jibu kulichukua sekunde 0.1. Kwa hiyo kwa wastani wasomaji waliokuwa ndani kwa wakati mmoja walikuwa 40 × 0.1, yaani 4. Mwandishi anaweza kuingia pale tu hesabu hiyo inaposhuka hadi 0. Maombi yakija bila mpangilio, kila moja kwa wakati wake, muda wa wastani tangu msomaji wa kwanza aingie mpaka chumba kibaki tupu tena ni

```
(e^(λS) - 1) / λ
```

λ ni maombi kwa sekunde, S ni muda ambao kila msomaji anashika kufuli. Kwa wasomaji 4 wa wastani inatoka kama sekunde 1.3. Hakuna anayelalamika kwa sekunde moja.

Mchana mtandao ukawa mzito, kutuma kukachukua sekunde 0.2. Wasomaji wa wastani wakawa 8. Ungetarajia kusubiri kuongezeke mara mbili, sivyo? Kulifika sekunde 74. Kisha kutuma kukafika sekunde 0.3, wasomaji 12, na kusubiri kwa wastani kukawa sekunde 4,069, yaani zaidi ya saa nzima. Muda wa kusoma uliongezeka mara tatu tu, na mwandishi akatoka kwenye sekunde moja hadi saa moja na dakika 8. Hesabu hii hutoa makadirio, haikupi dakika kamili ya siku fulani, lakini inaonyesha kwa nini seva ileile iliyopita majaribio yote asubuhi inamwua mwandishi mchana. Kwenye majaribio yako wasomaji walikuwa wachache. Njaa haianzi taratibu ili uione ikija.

Kwa hiyo pima kitu kimoja: λ mara S. Hesabu maombi kwa sekunde, pima muda kati ya kufunga na kufungua, uzidishe. Ukipata chini ya 1 huna shida ya njaa. Ukifika 4 uwe macho. Ukifika 8 mwandishi wako ameshaumia, hata kama bado hajapiga kelele.

Tiba ni kumfanya msomaji anakili anachokihitaji, afungue, ndipo aende kutuma:

```c
pthread_rwlock_rdlock(&kufuli);
Bei b = bei;
pthread_rwlock_unlock(&kufuli);
tuma(mteja, &b);
```

Kunakili namba chache ni kazi ndogo mno. Hata tukikadiria kwa ukarimu kwamba kufuli linashikwa sekunde 0.002, λS inakuwa 0.08, na chumba kinabaki tupu tena baada ya kama sekunde 0.002. Mtandao ukizorota hata mara kumi, mwandishi hataguswa, maana mtandao hauko tena ndani ya kufuli.

Kuna mtego mmoja katika tiba hii. Ikiwa ndani ya `Bei` kuna kielekezi, kwa mfano `char *jina`, basi `Bei b = bei` imenakili anwani tu, haikunakili maneno yenyewe. Ukishafungua, mwandishi anaweza kuyafuta maneno yale huku wewe unayatuma. Programu itaanguka mara moja kwa wiki, na utatafuta mpaka uchoke. Weka jina ndani ya muundo wenyewe kama `char jina[32]`, au unakili maneno yote kabla ya kufungua.

Sababu ya pili, baada ya urefu wa kusoma, ni tabia ya kufuli lenyewe. Kwenye glibc, usipochagua chochote, kufuli humpendelea msomaji: maadamu kuna mtu ndani anasoma, anayekuja kusoma anapita, hata kama mwandishi amesimama mlangoni. Hiyo ndiyo inayoleta dalili ya 2.

Dalili ya 2: Nimeweka upendeleo wa mwandishi, na hakuna kilichobadilika

Hili ndilo lililoletwa kwangu mara nyingi zaidi kuliko mengine. Mtu amesoma, ameona jina zuri `PTHREAD_RWLOCK_PREFER_WRITER_NP`, ameliweka, na mwandishi bado ana njaa.

Sababu ya kwanza ni jina hilo lenyewe. glibc inalipokea lakini hailifuati. Kanuni za POSIX zinaruhusu uzi mmoja kuchukua kufuli la kusoma mara mbili kwa kufuatana, na upendeleo wa kweli wa mwandishi ungesababisha uzi huo ukwame, kama tutakavyoona. Kwa hiyo wanaotengeneza glibc wameamua chaguo hilo lisifanye kazi. Jina linalofanya kazi ni refu zaidi:

```c
pthread_rwlockattr_t a;
pthread_rwlockattr_init(&a);
pthread_rwlockattr_setkind_np(&a,
    PTHREAD_RWLOCK_PREFER_WRITER_NONRECURSIVE_NP);
pthread_rwlock_init(&kufuli, &a);
```

Sababu ya pili ni mpangilio. Ukiita `pthread_rwlock_init` kwanza ndipo ukabadilisha `a`, kufuli limeshazaliwa na tabia yake ya awali. Ukiandika `pthread_rwlock_init(&kufuli, NULL)` au ukatumia `PTHREAD_RWLOCK_INITIALIZER`, yote uliyoweka kwenye `a` hayasomwi na mtu. Nimewahi kukuta programu yenye mistari hiyo yote sahihi kabisa, na katika faili lingine kufuli lilelile linaanzishwa mara ya pili kwa `NULL`. Tafuta kila mahali kufuli linapoanzishwa katika faili zote:

```
grep -rn "rwlock_init\|RWLOCK_INITIALIZER" .
```

Sasa sikiliza hili vizuri, kwa sababu wengi huanza na tiba hii na kuiacha ile ya kwanza. Upendeleo wa mwandishi hauwatoi walio ndani. Unawazuia tu wapya wasiingie. Mwandishi bado anamngoja aliye polepole kuliko wote kati ya waliokwisha kuingia, na wakati anamngoja, kila msomaji mpya naye amesimama nyuma yake. Tuseme mmoja wa wasomaji anatuma jibu kwa simu iliyopoteza mtandao njiani kwenda Uvira, na `tuma` inamngoja sekunde 30. Zamani ni mwandishi peke yake aliyeteseka. Sasa ni wateja wote, kwa sekunde 30, kila kiwango kinapobadilishwa. Umeiondoa njaa ya mmoja ukawafungia wote.

Ndiyo maana nasema fupisha kusoma kwanza, halafu ubadilishe upendeleo. Mpangilio ukigeuzwa, mtu hurudi akisema "tiba yako imeharibu zaidi", na kwa upande wake ana haki.

Dalili ya 3: Baada ya kumpendelea mwandishi, kila kitu kimesimama

Hapa hakuna anayesoma wala anayeandika, na hali haipiti hata ukingoja mpaka jioni. Huu ni mkwamo: watu wawili kila mmoja anamngoja mwenzake apishe.

Sababu ya kawaida ni kusoma ndani ya kusoma. Uzi wa kwanza umechukua kufuli la kusoma katika kazi `onyesha_bei`. Mwandishi anafika na kusimama mlangoni. Kisha, ndani ya `onyesha_bei`, uzi wa kwanza unaita `tafuta_kiwango`, ambayo nayo inaomba kufuli lilelile la kusoma. Kwa kuwa mwandishi anangoja, ombi jipya la kusoma linazuiwa. Uzi wa kwanza anamngoja mwandishi apite, mwandishi anangoja uzi wa kwanza atoke. Neno `NONRECURSIVE` katika lile jina refu lilikuwa linakuahidisha kwamba hutafanya hivi.

Utautambua kwa `gdb`: uzi mmoja una `rwlock_rdlock` karibu na juu, na ukishuka katika orodha yake ya miito unakuta kazi nyingine ambayo ilikwisha kulishika kufuli. Tiba yake ni kutenga kazi mbili. Ya nje inafunga na kufungua, ya ndani haigusi kufuli kabisa na inaitwa tu na aliyekwisha kulishika. Sisi tunaiandika ya ndani ikiishia na `_ndani`, kwa mfano `tafuta_kiwango_ndani`, ili anayesoma msimbo asikosee.

Sababu ya pili ni kupanda cheo: uzi umeshika kufuli la kusoma, umeona kiwango kimezeeka, na bila kufungua unaomba `wrlock`. Mwandishi lazima asubiri wasomaji wote watoke, na mmoja wao ni yeye mwenyewe. Hili hukwama hata pasipo upendeleo wowote. Fungua kwanza, omba la kuandika, na ukishaingia angalia tena kama kiwango bado kimezeeka, kwa sababu kati ya kufungua na kuingia huenda mwingine amekwisha kukibadilisha.

Onyo: usijaribu kuokoa hali kwa kuua uzi mmoja kwa `pthread_cancel`. Uzi ukifa na kufuli mkononi, kufuli halirudi.

Dalili ya 4: Sasa wasomaji ndio wenye njaa

Hii ni nadra kwa kazi kama yetu, kwa kuwa kiwango cha dola hakibadiliki mara 50 kwa sekunde. Inatokea pale waandishi wanapokuwa wengi, kwa mfano programu ya kupokea vipimo vya mashine vinavyofika mfululizo. Mwandishi mmoja akitoka, mwingine tayari yuko mlangoni, na msomaji hapati nafasi.

Jaribu kwanza kukusanya maandiko. Badala ya kuandika kila kipimo peke yake, weka 100 pembeni, kisha yaingize yote kwa kufunga mara moja. Mara nyingi hilo linatosha.

Lisipotosha, unahitaji zamu. Njia ya zamani na nyepesi kuielewa ni kuweka mlango wa nje ambao kila mtu, msomaji na mwandishi, lazima aupite. Tunaujenga kwa semafo, yaani vihesabu ambavyo anayekikuta na 0 husubiri; zote tatu huanza na 1.

```c
/* msomaji */
sem_wait(&mlango);
sem_post(&mlango);
sem_wait(&hesabu);
if (++wasomaji == 1) sem_wait(&chumba);
sem_post(&hesabu);
/* anasoma hapa */
sem_wait(&hesabu);
if (--wasomaji == 0) sem_post(&chumba);
sem_post(&hesabu);

/* mwandishi */
sem_wait(&mlango);
sem_wait(&chumba);
/* anaandika hapa */
sem_post(&chumba);
sem_post(&mlango);
```

Msomaji anaugusa mlango na kuuachia papo hapo. Mwandishi anaushika na kuendelea kuushika, hivyo wasomaji wapya wanasimama nje mpaka walio ndani watoke na yeye aandike. Akimaliza anauachia, na walio nje, wawe wasomaji au waandishi, wanagombea mlango kwa hali sawa. Mpaka wa njia hii ni kwamba semafo za Linux hazikuahidi kuwaamsha watu kwa zamu ya kufika. Kwa kazi ya kawaida mlango unaachiwa haraka kiasi kwamba kila mmoja anapata, lakini ukitaka zamu kamili, aliyefika kwanza apite kwanza, lazima foleni uitunze mwenyewe.

Na kabla hujaandika haya yote, jiulize kama kweli unahitaji kufuli la aina mbili. Sisi, baada ya kufupisha kusoma hadi kunakili namba chache, tulijaribu `pthread_mutex_t` ya kawaida ambayo humruhusu mtu mmoja tu, awe nani. Hatukuona tofauti yoyote kwa mteja. Kufuli la wasomaji na waandishi lina faida pale kusoma kwenyewe kunapokuwa kurefu kwa lazima, kwa mfano kupekua orodha ya bidhaa elfu kadhaa.

Kwa wanaotumia Java, Go au SQLite

Kwenye Java, `new ReentrantReadWriteLock(true)` inafuata zamu ya kufika kwa kadiri. Bila `true` hakuna ahadi ya zamu. Lakini hata ukiweka `true`, `tryLock()` isiyo na muda inaruka foleni, kwa hiyo ukiwa na wasomaji wanaotumia hiyo, angalia hapo. Kupanda kutoka kusoma hadi kuandika kunakwama kama kwenye C. Kwenye Go, `sync.RWMutex` inawazuia wasomaji wapya mara mwandishi anapoita `Lock`, hivyo njaa ya mwandishi huioni, ila mkwamo wa dalili ya 3 unakungoja ukisoma ndani ya kusoma.

SQLite ina sura yake. Ukiona `database is locked`, anza kwa:

```sql
PRAGMA busy_timeout = 5000;
PRAGMA journal_mode = WAL;
```

Mstari wa kwanza unaifanya ingoje hadi sekunde 5 kabla ya kukata tamaa. Wa pili unawafanya wasomaji wasome toleo la zamani huku mwandishi anaongeza jipya pembeni, kwa hiyo hawazuiani tena. Njaa hapa inahamia mahali pengine: faili lenye mwisho `-wal` linakua na kukua. Ili lianze kuandikwa upya tangu mwanzo, lazima pawe na wakati ambapo hakuna msomaji anayelitegemea, na ukiwa na wasomaji wasiokatika wakati huo haufiki. Pima ukubwa wake kwa `ls -lh` asubuhi na jioni. Likiwa linapanda tu, mtafute msomaji aliyefungua muamala asiufunge. Usilifute faili hilo kwa mkono hata diski ikijaa: ndani yake kuna maandiko ambayo bado hayajaingia kwenye faili kubwa, na ukilifuta yamekwenda.

Mahali pa kusimama na kumwita fundi

Simama ikiwa programu ilizimwa kwa nguvu wakati mwandishi alikuwa ndani, na data ni pesa za watu. Nakili faili zote kwanza, kabla hujaiwasha tena, kisha mwite anayeijua hifadhidata hiyo.

Simama pia ikiwa `gdb` inaonyesha kwamba kufuli linalosubiriwa liko ndani ya maktaba usiyoiandika wewe. Kubadilisha tabia yake kutoka nje ni kubahatisha.

Na simama pale unapojikuta unataka kuondoa kufuli kabisa, ili mwandishi abadilishe kielekezi kimoja tu na wasomaji wasingoje chochote. Njia hiyo ipo na ni nzuri, ila ugumu wake uko katika kujua lini msomaji wa mwisho ameachana na kumbukumbu ya zamani ili uifute. Ukiifuta mapema, programu inasoma takataka na haikwambii. Hapo tafuta mtu ambaye amewahi kuifanya, na akae nawe mpaka mwisho.

Yule mama wa Nyawera nilimpigia siku tuliyobadilisha ile mistari ya kusoma na kutuma. Nikamwomba afungue simu, nikamwandikia kiwango cha majaribio, 2,851. Mtandao ulikuwa mzito kama kawaida ya saa saba. Alisubiri kidogo, akasema: "Imekuja. Sasa rudisha ya kweli, nina mteja hapa."